Kichwa kimetoka, miguu haionekani: namna ya kumsaidia mbuzi au kondoo aliyekwama kuzaa

Msimu wa kuzaa ukianza huku Kisesa, simu yangu hailali. Anayepiga leo anauliza kilekile alichouliza wa jana: "Shangazi, kichwa cha mtoto kimetoka ila mbuzi amechoka, nivute?" Usivute bado. Mtoto aliyetanguliza kichwa peke yake amekunja miguu ya mbele nyuma yake, na ukivuta kichwa, mabega yanakaza kwenye nyonga ya mama kama kabari. Utamng'oa shingo kabla hajatoka.

Nimeandika zaidi juu ya tatizo hilo moja, la mguu wa mbele uliokunjwa, kwa sababu ndilo ninalokutana nalo mara nyingi na ndilo mfugaji anaweza kulimaliza mwenyewe zizini. Matatizo mengine nitakuonyesha namna ya kuyatambua, ili ujue mapema kwamba hili si la kwako na umwite bwana mifugo kungali na muda.

Mtoto anavyotakiwa kuja

Umewahi kuona vijana wa Igombe wanavyojirusha ziwani kupiga mbizi? Mikono mbele, kichwa katikati ya mikono. Mtoto wa mbuzi au kondoo hutoka hivyohivyo. Kwanza unaona chupa ya maji, kisha kwato mbili zenye nyayo zinazoangalia chini, halafu pua imelala juu ya miguu, karibu na magoti. Ukiona vitu hivyo vitatu, kwato mbili na pua, kaa mbali umwache mama afanye kazi yake.

Kinachokupa taarifa ni hicho kinachochungulia, pamoja na saa yako. Kabla ya kuanza kusukuma, mbuzi huhangaika tu kwa muda wa saa 2 hadi 6: analala, anasimama, anachimba chini kwa kwato, anajitenga na wenzake. Anayezaa mara ya kwanza huweza kwenda hata saa 12. Wakati huo huna la kufanya. Saa inaanza kuhesabiwa chupa ikipasuka au anapoanza kusukuma kwa nguvu, analala ubavu na kulia. Dakika 30 za kusukuma hivyo bila kitu kuongezeka ni ishara ya kunawa mikono na kupima. Akiwa ameshazaa mmoja na anasukuma tena, dakika 30 hizohizo zinahesabiwa upya kwa wa pili.

Usiingize mkono kabla ya hapo kwa sababu tu una wasiwasi. Nimeona mlango wa kizazi ukichanika mara nyingi zaidi kwa haraka ya mwenye mbuzi kuliko kwa mlalo mbaya wa mtoto.

Andaa hivi wiki moja kabla

Mbuzi na kondoo hubeba mimba kwa siku 150 hivi, siku chache kabla au baada. Ukijua siku aliyopandwa, unajua lini uweke ndoo karibu.

- Maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu. Maji yaliyochotwa ziwani moja kwa moja, hata yakionekana meupe, usiyapeleke kwenye kizazi.
- Sabuni ya mche ya kawaida. Sabuni ya unga inachoma ngozi ya ndani, iache kwa ajili ya nguo.
- Mafuta ya alizeti, nusu lita, chupa mpya. Kama duka la dawa za mifugo lina jeli ya kulainishia, hiyo ni bora zaidi.
- Glavu. Kuna magonjwa ya kutupa mimba, kama brusela, yanayoingia kwa binadamu kupitia maji ya uzazi na kondo. Mama mjamzito asishike kazi hii kabisa, hata kama ndiye mwenye mkono mdogo nyumbani.
- Kamba mbili laini za pamba, unene wa kidole kidogo, urefu wa mita moja, zilizochemshwa. Huku mwambao kila nyumba ina uzi wa nyavu, na ndiyo kosa lenyewe: nailoni inakata mguu wa mtoto hadi mfupa.
- Ayodini ya kitovu, taulo kuukuu, tochi ya kichwani.
- Namba ya bwana mifugo wa kata, na ya mtu wa bodaboda anayekubali kubeba mbuzi usiku.

Kuna zoezi moja linalozidi vyote hivyo. Mchana mmoja mkamate mbuzi yeyote mpole, ufumbe macho, upitishe mkono kutoka kwenye ukwato kwenda juu. Mguu wa mbele, viungo viwili vya kwanza, kifundo na goti, vinakunjika upande mmoja. Mguu wa nyuma vinakunjika kinyume: kifundo huku, kile cha juu kule, na hicho cha juu kina ncha kali kwa nyuma kama kiwiko. Rudia mpaka mkono wako uwe na uhakika bila macho. Usiku wa tukio, ndani ya kizazi, hutaona kitu.

Hatua kwa hatua

1. Soma kinachochungulia kabla ya kugusa. Pua na ukwato mmoja: mguu mmoja umekunjwa. Kichwa peke yake: yote miwili imekunjwa. Kwato mbili zinazoangalia juu, bila pua: anakuja kinyumenyume. Kwato mbili zinazoangalia chini, bila pua: kichwa kimegeukia ubavuni, na hapo ukivuta miguu unazidi kukikunja. Mkia peke yake, au mama anasukuma na hakuna chochote kinachotokea: huenda mtoto ametanguliza matako.

2. Safisha. Kata kucha, vua pete na saa. Nawa hadi kwenye kiwiko, vaa glavu, kisha osha sehemu ya nje ya mama na mkia wake kwa maji na sabuni. Kama kichwa cha mtoto kimeshatoka, kioshe nacho vizuri, maana kinarudi ndani na mavi yaliyoganda juu yake yataingia pamoja nacho.

3. Angalia kama yu hai. Finya ulimi au tia kidole mdomoni. Mtoto hai huvuta ulimi, hunyonya kidole au hupepesa jicho likiguswa. Ulimi uliovimba na kuwa zambarau usikukatishe tamaa, wengi wa hivyo wanapona.

4. Funga kichwa kabla ya kukirudisha. Kamba ipite nyuma ya masikio mawili, kisha iingie mdomoni kama lijamu. Isikae shingoni, itamkaba. Kamba hii si ya kuvutia kwa nguvu. Ni ya kukuzuia usikipoteze kichwa, kwani kikishaingia ndani huweza kugeukia ubavuni, na hapo umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa.

5. Inua makalio ya mama. Mweke kwenye mteremko kichwa kikiwa chini, au watu wawili wamshike miguu ya nyuma wamwinue kiasi. Tumbo likishuka kuelekea kifuani, mtoto anarudi nyuma na wewe unapata nafasi. Ukiacha hatua hii utapigana na uzito wa mimba nzima kwenye tundu la upana wa ngumi.

6. Mimina mafuta, ingiza mkono, sukuma nyuma. Kusanya vidole viwe kama mdomo wa ndege, upite chini ya shingo ya mtoto. Sukuma kichwa au kifua chake kwenda ndani taratibu, lakini wakati mama hasukumi tu. Akianza kusukuma, tulia, mkono ubaki ulipo. Kushindana na uchungu wa mama ndiko kunakopasua kizazi. Kichwa kikiwa kimevimba mno hakirudi, usikilazimishe: pitisha mkono chini yake ufuate shingo hadi kwenye bega.

7. Tafuta mguu na uhakikishe ni wa mtoto huyohuyo. Teremka kutoka shingoni, bega, hadi kiwiko na goti. Mapacha ni wengi kwa mbuzi wetu, na wapo waliovuta mguu wa Kulwa na kichwa cha Doto kwa pamoja wakashangaa mbona hawatoki.

8. Kunjua. Goti likiwa limekwama kwenye ukingo wa nyonga, lisukume juu na nyuma. Shusha mkono hadi kwenye ukwato, uufunike wote kwa kiganja, kisha ulete ukwato ndani kuelekea katikati na mbele, goti likienda nje. Kiganja kisitoke kwenye ukwato hata mara moja, ncha yake inachana kizazi kama kisu. Kama mguu wote umelala nyuma kuanzia begani, ingiza kidole nyuma ya mguu, juu ya goti, uvute hadi goti lije mbele, halafu endelea hivyohivyo. Ukishanyooka, ufunge kamba juu ya kifundo na uende kwa mguu wa pili.

9. Vuta pamoja na mama. Mshushe mama makalio kwanza. Miguu miwili, kichwa katikati, mafuta tena. Anaposukuma, vuta kuelekea nje na chini, upande wa visigino vyake, mguu mmoja ukitangulia kidogo kuliko mwingine ili mabega yapite kwa mshazari. Anapopumzika, pumzika. Nguvu ya mtu mmoja inatosha. Ikihitajika ya watu wawili, kuna kitu hakijanyooka, rudi hatua ya 7.

10. Baada ya kutoka. Futa ute puani na mdomoni, msugue kwa taulo, mchokoe pua kwa unyasi hadi apige chafya. Chovya kitovu kwenye ayodini. Kisha ingiza mkono safi tena uangalie kama kuna mwingine, kabla mama hajaanza kusukuma naye.

Usiku mmoja nje kidogo ya Kisesa

Mwaka jana niliitwa na jirani. Mbuzi wake mdogo wa kienyeji, anayezaa mara ya kwanza, alikuwa amepandwa na beberu chotara wa Boer aliyeruka ua. Chupa ilipasuka saa tatu na nusu usiku. Nilifika saa nne na robo nikakuta kichwa kimetoka chote hadi shingoni, kimevimba, ulimi mnene wa zambarau umening'inia pembeni. Kijana mmoja ameshika pembe, mwingine anavuta kichwa. Mwenye mbuzi ananiambia, "Shangazi, huyu kafa, tunamwokoa mama." Nikafinya ulimi. Ukarudi kidogo, polepole, kama mtu anayeamshwa hataki.

Tuliosha kichwa, nikakifunga kamba, vijana walewale wakamwinua mama makalio. Nilimimina karibu robo ya chupa ya mafuta. Kichwa kilirudi baada ya kusubiri uchungu tatu zipite, si kwa nguvu, kwa kusukuma kidogo kila alipopumzika. Mguu wa kulia goti lilikuwa limegota kwenye ukingo wa nyonga, nikaunyoosha kwa dakika tano hivi. Wa kushoto ulilala wote nyuma, hadi begani. Hapo wengi huacha wakisema mmoja unatosha, na kweli kwa mama mpana mwenye mtoto mdogo huweza kutosha. Huyu alikuwa mama mdogo na mtoto mkubwa, kwa hiyo nilirudi kuutafuta. Ilinichukua dakika kumi zaidi, vidole vikifa ganzi kila anaposukuma.

Kabla ya saa tano alikuwa chini kwenye taulo, dume, kichwa kikubwa kuliko mwili. Nilipopima tena nikagusa kwato mbili zinazoangalia juu, na juu yake ile ncha kali: Doto, anakuja kinyumenyume. Huyo sikumgeuza. Anayekuja hivyo hutolewa hivyohivyo, ila makalio yakishatokea unavuta bila kusitasita, maana kitovu kinabanwa nyongani huku kichwa bado kiko ndani ya maji. Alitoka kwa uchungu mbili. Kondo lilianguka lenyewe saa nane usiku.

Asubuhi bwana mifugo alikuja akamdunga mama antibiotiki, kwa sababu mkono ulikuwa umeingia ndani mara nyingi. Muulize wa kwako siku za kutokunywa maziwa baada ya sindano, na uzihesabu kweli.

Usifanye hata ukishauriwa

Sindano ya oksitosini ya kuongeza uchungu, inayouzwa dukani kama karanga, usimdunge mbuzi ambaye mtoto wake amekwama. Kizazi kitakaza juu ya mtoto asiyeweza kutoka, na huweza kupasuka. Dawa hiyo ina mahali pake, na wa kupaona ni daktari wa mifugo baada ya kupima.

Usivute kondo linaloning'inia wala kulifunga jiwe. Mara nyingi huanguka ndani ya saa 6. Zikipita 12, ita mtaalamu.

Ukikwama

*Mlango haufunguki.* Unaingiza vidole viwili na kugusa pete ngumu, hakipiti kitu. Kama ndiyo kwanza ameanza kuhangaika, mwache. Kama ameshasukuma muda mrefu na pete haijalegea, usiipanue kwa nguvu. Huyo huenda akahitaji kupasuliwa.

*Kwato mbili zinaangalia chini, hakuna pua.* Funga miguu kwa kamba ili usiipoteze, inua makalio ya mama, sukuma kifua nyuma, ufuate shingo inakoelekea. Ukifikia taya, shika chini ya taya au weka vidole kwenye matundu ya macho ukilete mbele, huku kiganja kikifunika meno. Ukifikia shingo tu na kichwa hukipati, acha hapo upige simu.

*Mkia peke yake.* Miguu ya nyuma iko chini ya tumbo la mtoto na lazima iletwe mmojammoja. Kama hujawahi kuonyeshwa, hili usijifunzie usiku huo.

*Umejaribu dakika 20 na hakuna kilichobadilika.* Simama. Kizazi kinakauka na kuvimba kadiri unavyochezea, na daktari atakayekuja atakuta pabaya zaidi. Ukiwa kisiwani, Ukerewe kwa mfano, usisubiri hizo 20: piga simu mara tu unapotambua mlalo mbaya, ndipo uanze kujaribu, kwa sababu kivuko hakiondoki kwa saa ya mbuzi wako.

*Harufu ya kuoza, manyoya yanang'oka mkononi.* Mtoto alikufa siku kadhaa zilizopita. Ukavu wake unakwaruza kizazi na maji yake ni hatari kwako. Mwachie mtaalamu.

*Damu nyekundu inachuruzika mfululizo.* Matone yaliyochanganyika na ute ni kawaida, mchirizi usiokoma si kawaida. Toa mkono, piga simu.

*Mtoto ametoka hai, kichwa kimevimba, hawezi kunyonya.* Kamua dang'a mara moja, umpe kwa chupa ndani ya saa ya kwanza au ya pili, mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Yule dume wa jirani alikuwa na kilo 3, akapata mililita 150, nusu ikimwagika. Hakikisha anaweza kumeza kwanza: ulimi ukiwa mnene sana mpe kidogokidogo, kichwa kisiinuliwe juu, la sivyo maziwa yataingia mapafuni. Uvimbe hupungua wenyewe ndani ya siku moja au mbili. Huyo alishika chuchu mwenyewe kesho yake alasiri, baada ya Doto kumaliza upande mmoja wote wa kiwele.

*Mwaka ujao itatokea tena?* Mguu kukunjwa ni bahati mbaya tu, huweza kumpata mama yeyote. Mtoto mkubwa kupita nyonga hutokana na wewe mwenyewe. Jike mdogo wa kienyeji kwenye mimba ya kwanza mpandishe kwa beberu wa kienyeji, na chotara wa Boer au dume la Malya kutoka Kwimba umsubirishe hadi jike awe ameshazaa mara moja na kujaza mwili. Na huo ua uliorukwa, ongeza miti miwili.